Soko halikujui, unamlipiza nani kisasi?

Wasee, kuna ushauri mmoja naona kila siku kwenye vidio za matreda na umenichosha: "Ukipoteza, kuwa na nidhamu." Basi. Hakuna anayekuambia hiyo nidhamu inatoka wapi saa tisa mchana, umepigwa mara tatu mfululizo, mkono unatetemeka na kitufe cha Buy kiko hapo tu kwenye skrini. Mimi nasema nidhamu ya wakati huo haipo. Ukiingojea ije, utachoma akaunti. Kisasi hakizuiwi na roho safi, kinazuiwa na kufuli ulilofunga jana yake ukiwa na akili zako.

Wacha niwape stori yangu, na namba zake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024. Niko kwa chumba changu hapa Eldoret, nina dola 200 kwa akaunti. Hiyo ni kama elfu 26 hivi, pesa niliyopata kwa kuediti vidio za harusi baada ya kuacha chuo. Natredi dhahabu, XAUUSD. Kwa loti ya 0.01, dhahabu ikisonga dola moja, wewe unapata au unapoteza dola moja. Stop losi yangu ilikuwa dola 4, yaani asilimia 2 ya akaunti. Mpaka hapo, mambo ni sawa kabisa.

Asubuhi hiyo ikatoka habari kwamba benki kuu ya China haikununua dhahabu mwezi wa Mei, baada ya kununua miezi mingi mfululizo. Bei ikaanza kuteremka. Mimi nikasema imeshuka sana, lazima irudi. Nikanunua, nikapigwa. Nikanunua tena, nikapigwa. Mara ya tatu, vilevile. Dola 12 zimeenda, zimebaki 188.

Angalieni hapo vizuri. Nilikuwa nimepoteza asilimia 6 pekee. Hiyo si msiba. Hata kama mfumo wako unashinda nusu ya oda zako, oda tatu zozote zinazofuatana zina nafasi moja kati ya nane ya kuwa hasara zote. Ukitredi mwezi mzima, lazima itakupata. Hasara tatu si ujumbe kutoka kwa soko, ni hesabu tu.

Lakini kichwani mwangu haikuwa hesabu. Ilikuwa matusi. Nilitaka dola 12 zangu zirudi, na zirudi leo. Saa tisa unusu ilikuwa inatoka ripoti ya ajira ya Marekani, ile NFP ya kila mwezi. Dakika chache kabla, nikanunua tena, safari hii kwa loti ya 0.10 na bila stop losi. Sasa kila dola moja ya dhahabu ni dola kumi zangu.

Ripoti ikatoka na nguvu kuliko watu walivyotarajia, nafasi za kazi 272,000. Dhahabu ikaanguka. Ilipoteremka dola 9 tu, mimi nilikuwa chini dola 90, nikafunga kwa hofu. Zikabaki 98. Je, nilitoka? Wapi! Nikanunua tena 0.10 ileile. Kwa levereji ya 1:400, broka alikuwa ameshika kama dola 58 za dhamana, na pesa yangu ilipofika nusu ya hiyo dhamana, oda ikafungwa yenyewe. Zikabaki dola 29. Siku hiyo dhahabu ilishuka zaidi ya asilimia 3, na mimi nilikuwa mnunuzi siku nzima.

Sasa pigeni hesabu. Oda tatu za mpango zilinila dola 12. Oda mbili za hasira zilinila dola 159. Halafu kuna mtu atakuja kwa komenti aniambie shida ilikuwa "strateji". Strateji haikunichoma. Kilichonichoma ni kukuza loti mara kumi kwa sababu nimekasirika.

Na si watoto wa Eldoret pekee. Nick Leeson alikuwa treda wa benki ya Barings kule Singapore, benki iliyoanzishwa 1762. Alikuwa na hasara alizoficha kwenye akaunti namba 88888. Tetemeko la Kobe la Januari 1995 lilipoangusha soko la Japani, hakutoka, alinunua zaidi ili arudishe. Mwezi uliofuata benki ilikuwa imekufa na hasara ya pauni milioni 827. Huyo alikuwa na suti, ofisi na mabosi. Wewe na simu yako kitandani, nani atakushika mkono?

Kwa hivyo nilijiwekea sheria nne. Zote zinafanya kazi bila kunitegemea mimi wa saa tisa.

Ya kwanza: hasara mbili mfululizo, siku imeisha. Nilichagua mbili kwa sababu kwangu ya tatu ndiyo huwasha moto. Naondoka kwa akaunti kabisa, si kufunga skrini tu, na MT5 inatoka kwa simu. Nenosiri refu limeandikwa kwa karatasi, na karatasi iko kwa sista yangu Langas. Nikilitaka lazima nipande matatu na nimweleze kwa nini. Mpaka nifike, hasira imepoa.

Ya pili: loti inaandikwa Jumapili, soko likiwa limefungwa. Naandika kwa daftari: wiki hii ni 0.01, basi. Katikati ya wiki siwezi kuikuza kwa sababu yoyote, hata nikiwa nashinda.

Ya tatu: siongezi pesa kwa akaunti siku niliyopoteza. Pesa ya tredi inaingia mara moja kwa mwezi. Pesa ya rendi iko kwa mathe, haiko kwa simu yangu. Na mkopo wa simu haugusi akaunti ya tredi, milele. Ukikopa ili urudishe hasara, umeacha kutredi, unacheza Aviator na chati.

Ya nne: kesho yake narudi na oda moja tu, loti ndogo kabisa, stop losi imewekwa kabla sijabonyeza. Kabla ya kuingia najiuliza swali moja: kama hii ingekuwa oda yangu ya kwanza ya mwezi, ningeichukua? Jibu likianza na "lakini jana...", sichukui.

Dalili nazo nimezijua. Nikijipata nimehama kutoka chati ya saa moja hadi ya dakika moja, au nasogeza stop losi mbali, au nafungua pea ambayo sijawahi kuitredi, hiyo ni hasira. Hakuna uchambuzi hapo.

Niseme ukweli pia. Hizi sheria hazifanyi mfumo mbovu uanze kushinda. Kama unapoteza polepole, utaendelea kupoteza polepole. Ila utakuwa na daftari na pesa iliyobaki ya kukuonyesha kwamba mfumo ni mbovu. Mwenye kuchoma akaunti kila mwezi hajui hata kama anajua kutredi, kwa sababu hajawahi kukaa ndani muda wa kutosha apimwe.

Wale wa "nitakusaidia kurikava kwa wiki moja" mnajua mlipo kwenye inboksi yangu. Mnawauzia watu petroli nyumba ikiwa inaungua. Soko la dhahabu halijui jina lako, halijui ulipoteza dola 12 asubuhi, na haliwezi kuaibika ukilipiga. Huyo unayemlipiza kisasi ni wewe mwenyewe wa mwisho wa mwezi, landilodi akibisha mlango.