Wingi wa simu si wingi wa wateja

KAMPUNI za kufunga umeme wa jua jijini Dar es Salaam hutoka Maonyesho ya Sabasaba na madaftari yaliyojaa majina. Idara ya masoko huhesabu majina hayo kuwa mafanikio. Idara ya mauzo huyaita mzigo. Ugomvi huu hula fedha, kwani kila safari ya fundi kwenda kukagua paa ni gharama, mteja anunue asinunue.

Kosa huanzia kwenye alama. Kampuni nyingi humpa mtu alama kwa kila simu anayopiga. Chukulia watu wawili. Mpangaji wa Sinza amepiga simu mara tano. Kwa alama kumi kila simu, anapata 50. Mwenye mashine ya kusaga Mbagala amepiga mara moja tu, anapata 10. Fundi atatumwa Sinza, na atarudi mikono mitupu kwa sababu mwenye nyumba hajaridhia paa lake litobolewe.

Alama zingefuata yale yanayoamua kazi: umiliki wa paa 30, matumizi ya umeme ya mchana 30, paa lisilo na kivuli 20, malipo ya awali 20. Risiti za LUKU za miezi mitatu zitaonyesha uniti zinazonunuliwa, na mteja ataulizwa anazitumia saa ngapi. Anayetumia zaidi usiku atahitaji betri, na bei hupanda.

Kwa kipimo hiki mwenye mashine anapata 70: paa ni lake (30), mashine husaga mchana (30), mwembe unafunika nusu ya paa (10), fedha bado anatafuta (0). Mpangaji anapata 50: paa 0, matumizi ya mchana 10, kivuli hakuna 20, fedha anazo 20. Mpaka wa kukabidhi ukiwa 60, fundi anakwenda Mbagala. Mpangaji anabaki kwa idara ya masoko hadi alete kibali cha maandishi.

Hata hivyo, alama bila sheria ya makabidhiano hazitoshi. Muuzaji apige simu ndani ya saa 24. Akishindwa, jina apewe mwenzake. Akimkataa mteja, aandike sababu: paa, matumizi, kivuli au fedha. Sababu moja ikijirudia kila mwezi, ni dalili kwamba alama za kipengele hicho hutolewa kwa maneno ya mteja bila kuthibitishwa. Wauzaji wasipoandika, masoko wataendelea kuleta majina yale yale.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kununua hisa katika kampuni ya namna hii, idadi ya walioulizia haina maana kubwa. Aulize: kati ya waliokabidhiwa kwa wauzaji, wangapi walikaguliwa paa, na wangapi walilipa? Kampuni isiyo na jibu inahesabu simu, haihesabu mauzo.