Salio la simu si akiba ya kaya

Tasnifu za shahada ya kwanza kuhusu fedha za simu hubeba sentensi inayofanana sana: tafiti nyingi zimeonesha kwamba huduma hizi huongeza akiba ya kaya. Baada ya hapo hufuata majina na miaka ndani ya mabano, Jack na Suri 2014, Mbiti na Weil 2011, Riley 2018, kisha mwanafunzi anahamia sura ya mbinu. Naipinga sentensi hiyo. Ukizisoma kazi hizo zenyewe unakuta hakuna hata moja inayosema hivyo.

Tuanze na William Jack na Tavneet Suri. Walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, wakauliza jambo moja: kaya ikipatwa na pigo, mathalani ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kiasi gani? Kwa wasiotumia M-Pesa yalishuka kwa takribani asilimia 7. Kwa watumiaji hayakushuka kwa kiasi cha kuonekana. Sababu waliyoiona ni kwamba watumiaji walitumiwa pesa zaidi, na kutoka kwa watu wengi zaidi, kwa kuwa gharama ya kutuma ilikuwa imepungua. Kaya ilisimama kwa msaada wa ndugu. Kipimo kilikuwa matumizi, na njia ilikuwa miamala kati ya watu. Kuyaita matokeo hayo ushahidi wa akiba ni kuyabebesha mzigo ambao waandishi wenyewe hawakuyatwisha.

Emma Riley alifanya kazi ya jamaa hiyo kwa data za kaya za Tanzania, akitazama mvua inapoharibika na kijiji kizima kuumia kwa pamoja. Hapo jirani hana cha kukusaidia, msaada lazima utoke mbali. Watumiaji walilinda matumizi yao. Wasiotumia, hata wakiishi kijiji kimoja na watumiaji, hawakupata kinga hiyo. Kwa maoni yangu hili ndilo la thamani kuliko yote katika makala yake, na ndilo mapitio mengi huliacha.

Isaac Mbiti na David Weil ndio waliogusa akiba moja kwa moja. Waliona matumizi ya njia zisizo rasmi za kuweka pesa yakipungua kadiri M-Pesa ilivyoenea, lakini hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba watu huifanya simu kuwa ghala la mali. Pesa huingia na kutoka haraka. Halafu data walizotumia zilitokana na kumhoji mtu mzima mmoja mmoja, na hapa kichwa cha tasnifu chenye neno “kaya” kinaanza kuyumba.

Chukulia mama muuza mboga wa Mbagala mwenye shilingi 60,000 kwenye kibubu. Anafungua akaunti ya simu, anazihamishia zote huko. Dodoso likimuuliza kama anaweka akiba kwenye simu, atajibu ndiyo, na salio lake litathibitisha. Akiba ya kaya imeongezeka kwa shilingi ngapi? Sifuri. Pesa imebadili mahali tu. Pengine mumewe ndiye aliyehojiwa kama mkuu wa kaya, wala hajui kibubu wala salio. Mwanafunzi asiyeuliza kuhusu kibubu, mchezo na kikoba katika dodoso hilohilo hana namna ya kuigundua hali hii. Na akilinganisha watumiaji na wasiotumia bila kuzingatia kwamba mwenye kipato kizuri ndiye huwahi kumiliki simu na kuishi karibu na wakala, atakachopima ni tofauti ya kipato.

Aya ya mapitio ingeweza kusomeka hivi: “Ushahidi ulio imara zaidi unahusu kinga dhidi ya mapigo kupitia utumaji wa pesa (Jack na Suri 2014, Riley 2018). Kuhusu akiba yenyewe, Mbiti na Weil (2011) waliona dalili za watu kuacha njia zisizo rasmi, bila kuthibitisha kwamba pesa hukaa kwenye simu. Kama jumla ya akiba ya kaya hubadilika ni swali ambalo tafiti hizi tatu haziwezi kulijibu.” Pengo la utafiti limejitokeza lenyewe, na dodoso limeshapata maswali yake.

Usahihi huu una uzito nje ya chuo. Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya kutuma na kutoa pesa kwa simu. Anayeamini faida ya huduma hizi ni akiba angeweza kuiona tozo hiyo kama jambo dogo, kwa kuwa pesa iliyotulia kwenye simu haikuguswa mpaka itumwe au itolewe. Aliyemsoma Riley kwa makini angeona kwamba tozo ilimwangukia kijana wa Dar es Salaam aliyemtumia pesa mama yake mwaka ambao mvua imegoma, na ilimwangukia tena mama huyo alipofika kwa wakala kuitoa.