Gredi bila toleo la kanuni ni kudanganyana

Jamani, acheni kupanga wastani wa KCSE wa 2022 na wa 2023 kwenye grafu moja! Tangu 2023 huhesabiwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine 5 bora. Awali Kiingereza na Kiswahili vyote vilikuwa lazima.

Tuseme mtahiniwa wa Majoreni ana Hisabati 5, Kiingereza 4, Kiswahili 8, Biolojia 6, Kemia 6, Historia 7, Dini 8, Biashara 7. Kanuni ya zamani inaacha Biashara: pointi 44, C. Mpya inaacha Kiingereza: 47, C+. Mtoto ni yule yule!

Hifadhini pointi za kila somo, na kila gredi ibebe kanuni yake:

```
PRIMARY KEY (mtahiniwa, kanuni)
```

Hapo ya 2022 yanakokotolewa upya kwa kanuni mpya bila kufuta C ya awali. Aliyehifadhi wastani pekee hana cha kukokotoa.