Namba 12 kwenye jinzi haikujui

Nenda Gikomba, chagua jinzi tatu za kike zilizoandikwa 12, kisha uzilaze moja juu ya nyingine. Usishangae zikikosa kulingana. Muuzaji atakwambia, "Jaribu tu, siz, hizo namba ni za majuu," na hajakosea sana. 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani, na Ujerumani nguo hiyo ingeandikwa 38. Mtumba hutoka kote huko, na si kila lebo inakwambia ilikotoka.

Lakini hata ndani ya Marekani kwenyewe namba zimeteleza. Mwaka wa 1939 na 1940, wizara ya kilimo ya huko iliwapima wanawake karibu 15,000 ili kuwe na saizi moja ya kueleweka. Vipimo hivyo vilizaa kiwango rasmi mwaka wa 1958, na saizi 8 ikawa kiuno cha inchi 23 na nusu. Leo 8 nyingi za huko zina kiuno cha inchi 28 hivi.

Kilichotokea ni biashara. Kampuni hazikulazimika kufuata kiwango hicho, na mwaka wa 1983 kikaondolewa kabisa. Mteja aliyezoea 12 akiingia kwenye 10 hutoka dukani akijiona amepungua, na pochi inafunguka. Basi kiuno kikapanuliwa, namba ikabaki ndogo. Maboyz msicheke, jinzi yenu ya 32 mara nyingi ukiipima ina 34.

Ndiyo maana mimi naona ni ujinga kumuuliza muuzaji wa Instagram, "Uko na saizi 12?" Muulize sentimita. Na akikupa, uliza tena: ni za mwili au ni za nguo? Jedwali la kampuni kwa kawaida huonyesha mwili wa mvaaji, hivyo unalinganisha moja kwa moja. Muuzaji wa mtumba naye hupima nguo ikiwa imelazwa, upande hadi upande.

Tuseme ameandika kiuno 38, hipsi 48. Zidisha kwa mbili: 76 na 96. Wewe umejipima kwa tepu ya fundi ukapata kiuno 74, hipsi 98. Kiuno kitafunga, lakini hipsi hazipiti, labda kitambaa kiwe kinavutika. Ukiangalia kiuno tu, umeliwa pesa. Hakikisha pia mnaongea kiuno kimoja, kwa sababu jinzi ya kukaa chini ya kitovu hupimwa mahali ambapo mwili ni mpana zaidi.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua jinzi yako inayokukaa fiti, uilaze kitandani, uipime kiuno na hipsi, halafu uweke namba hizo kwenye simu. Na nyinyi wauzaji, kuandika "inatosha 10 hadi 14" si kipimo. Tepu ni ya bei ya soda.