Mtoto anaposema "ludi" badala ya "rudi": barua kwa wazazi wa Makomeno



Tangu mwaka wa shule uanze, wazazi wengi wameniletea kaye za watoto wao na swali moja: "Mwalimu, kwa nini mtoto anaandika 'ludi' wakati wewe umesema 'rudi'? Je, ulimi wake ni mzito?" Baba mmoja alitaka kumpeleka mtoto akakatwe ule uzi wa chini ya ulimi. Mama mwingine amemkataza mtoto wake kusema Chiluba nyumbani, akidhani ndicho kinachoharibu masomo. Ninaomba mambo hayo mawili yasifanyike, na katika barua hii nitaeleza sababu.

Tuanze na sikio, kwa maana shida ya mtoto huyo inaanzia hapo kabla ya kufika ulimini. Mtoto mchanga wa miezi 6 anaweza kutofautisha sauti nyingi, hata zile ambazo hazitumiki katika lugha ya mama yake. Anapokaribia mwaka mmoja, sikio lake linakuwa limejifunza kushika zaidi tofauti zinazobadilisha maana katika lugha ya nyumbani, na kuzipuuza nyingine. Hiyo ni akili ya mtoto, inamsaidia kujifunza lugha yake upesi. Lakini akiingia kalasini na kukuta lugha yenye tofauti ambayo sikio lake lilizoea kuipuuza, anasikia sauti mbili kama moja. Wajapani wana shida hiyohiyo ya l na r wanapojifunza Kiingereza, hata wakiwa watu wazima na wasomi.

Sasa tutazame lugha zetu. Chiluba, Kiluba na Kibemba hazina r na l kama sauti mbili za kutenganisha maneno. Kwa mtoto aliyekulia humo, "rudi" na "ludi" ni neno moja, kwa hiyo anaandika l, herufi anayoijua. Kinyarwanda pia hakitenganishi maneno kwa sauti hizo, lakini chenyewe kinaegemea r. Kwa hiyo mtoto aliyetoka upande wa Rutshuru au Masisi anaweza kusema "kura" akitaka kusema "kula", kwa sababu kwao kula ni "kurya". Ndiyo maana kwenye benchi moja nina watoto wawili wanaokosea kwa njia mbili zinazopingana, na chanzo chao ni kimoja.

Chiluba kina jambo la pili, ambalo ukilielewa utaacha kusema kwamba mtoto anakosea ovyo. Katika lugha hiyo, sauti fulani hubadilika zikikutana na i. S inakuwa sh, t inakuwa ch, na l inakuwa d. Chukueni neno la kulia machozi. Kwa Chiluba ni "kudila". Silabi ya "di" imebadilika kwa sababu ya i, lakini "la" inayofuata imebaki na l yake kwa sababu mbele yake kuna a. Mti nao kwa Chiluba unaandikwa "mutshi", na tunausikia "muchi". Kwa hiyo mtoto anayesema "muchi" akionyesha mwembe wa jirani anatumia neno sahihi la lugha ya mama yake.

Na sisi wenyeji tunaocheka, tujisikilize kwanza. Nani kati yetu hapa Lubumbashi hajasema "shiye" badala ya "sisi"? Kiswahili sanifu chenyewe kinasema "ulimi" mmoja na "ndimi" nyingi, l imekuwa d baada ya n. Sauti za jamaa moja hubadilishana nafasi katika kila lugha, na kila lugha ina kanuni yake.

Nitawapa mfano wa mtoto mmoja wa mwaka wa pili, ambaye jamaa yake ilitoka Kasai. Katika diktee ya maneno 12 alikosa manne: "rudi" aliandika "ludi", "karamu" aliandika "kalamu", "sina" aliandika "shina", na "mti" aliandika "mchi". Ukihesabu makosa tu utampa alama zake na kumrudisha kwenye benchi. Lakini tazameni aliyoyapata: "sasa", "tatu", "lala". S yake ni nzuri mbele ya a, na t yake pia. Inayomshinda ni ile iliyo mbele ya i, pamoja na r popote ilipo. Makosa yanayofuata kanuni namna hiyo yanatuambia kwamba yametoka katika lugha ya nyumbani.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima sikio. Niliweka mbele yake kalamu moja na picha ya watu wanaokula karamu. Nikasimama nyuma yake ili asiangalie midomo yangu, nikasema "kalamu" au "karamu" mara 10 bila mpangilio, naye akaonyesha kwa kidole. Alipata 5. Mtu anayebahatisha kwa kawaida hupata karibu 5, kwa hiyo nilijua hasikii tofauti, na kumlazimisha kutamka kungekuwa kumchosha bure. Angepata 9 au 10, ningejua sikio liko sawa na kazi iliyobaki ni ya mdomo na mkono.

Kwa majuma matatu tulifanya mchezo huo tu, dakika 5 kila siku, bila kumwomba atamke. Tulitumia maneno yanayotofautiana kwa sauti moja: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, sina na shina, mti na mchi wa kutwangia. Sikuwa msemaji peke yangu. Nilimwomba mwalimu jirani, msichana wa mwaka wa sita na mama mmoja wa kartie waseme nao, kwa sababu sikio linalofundishwa na sauti ya mtu mmoja linajifunza mtu huyo tu. Alipokosa, nilimwambia papo hapo "hapana, hii ilikuwa karamu," nikarudia neno, tukaendelea.

Alipofika 9 kati ya 10, tuliingia kwenye mdomo. Kwa l, ncha ya ulimi inashika nyuma ya meno ya juu na kukaa, hewa inapita pembeni. Unaweza kuivuta "lllll" mpaka pumzi iishe. Kwa r ya Kiswahili, ncha inagonga palepale karibu na kuachia haraka. Mtoto asiyeipata aseme "ada, ada, ada" upesi sana na kwa ulegevu, na d hiyo itaanza kugeuka "ara". Kwa si na shi, mwonyesheni midomo: kwenye "si" inavutwa kama ya mtu anayetabasamu, kwenye "shi" inasogea mbele kidogo. Angalizo moja: r ya Kifaransa inatoka kooni, na mtoto akichanganyiwa r mbili siku moja anaweza kuchanganyikiwa. Shikeni kwanza ya Kiswahili. Baadaye ya Kifaransa itamsaidia kutenganisha "riz", yaani mchele, na "lit", yaani kitanda.

Mwisho tulirudi kwenye kalamu na kaye. Maneno yenye r aliyaandika kwa rangi nyekundu kwenye ukurasa mmoja, matano kwa juma, akiyasoma kwa sauti wakati wa kuandika. Katika juma la nane aliandika "rudi" na "karamu" bila kosa. Akikimbia na wenzake nje bado anasema "ludi", na mimi simsahihishi. Lafudhi inaweza kubaki maisha yote na haimzuii mtu kitu. Shule inamtaka aandike neno sawasawa, na hilo analiweza.

Nyumbani, mkisikia kosa, msimkatize na msimwambie "sema tena" mara tano. Akisema "Mama ameludi," mjibu: "Ndiyo, mama amerudi, amerudi na mboga." Amesikia neno zuri mara mbili, na mazungumzo yameendelea. Endeleeni pia kumsemesha lugha yenu. Mtoto anayejua kwamba mti kwa Chiluba ni "mutshi" na kwa Kiswahili ni "mti" ana mahali pa kuweka kila neno. Mkimnyang'anya lile la kwanza, la pili halitapata nafuu yoyote.

Kuhusu uzi wa chini ya ulimi: mtoto anayesema l vizuri ameshainua ncha ya ulimi mpaka nyuma ya meno ya juu. Ikiwa anaweza hivyo, uzi haumzuii kusema r, na wembe utamwachia kidonda tu.

Wako watoto wanaohitaji munganga, na dalili zao ni tofauti. Mtoto huyo anachanganya sauti hata katika lugha ya nyumbani, ambayo wadogo zake wanaisema vizuri. Au amefika miaka 4 na watu wasio wa nyumbani hawamwelewi. Au makosa yake hayana kanuni, leo hivi na kesho vile. Au sikio linatoa usaha, anauliza "eh?" kila mara, hageuki ukimwita kutoka nyuma. Au sauti na chakula vinapitia puani. Mpelekeni kwenye kituo cha afya, aangaliwe masikio na kinywa, na kama inafaa atumwe kwenye hospitali kubwa kama Sendwe. Usaha wa sikio usiongojewe upone wenyewe. Mtoto asiyesikia vizuri kwa miezi mingi anakosa sauti nyingi, na mchezo wa kalamu na karamu peke yake hautamtosha.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa kartie. Tangu Goma na Bukavu ziingiliwe na vita mwanzoni mwa mwaka 2025, na kabla yake kwa ajili ya Kasai, Mitwaba na Pweto, nimesikia watu kwenye kibomba cha maji wakimwita mtoto jina la kabila kwa sababu ya r moja au l moja. Mji huu una wazee wanaokumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa katika Katanga. Tunajua swali la "wewe ni wa wapi?" linaweza kufika wapi. Mtoto akichekwa, ananyamaza, na mtoto aliyenyamaza siwezi kumpima sikio wala kumfundisha ulimi. Kalasini kwangu kumcheka mwenzako kwa sababu ya sauti kumekatazwa. Ninaomba kukatazwe pia kwenye kibomba.

Mzazi mwenye swali anipate shuleni baada ya masomo, aje na kaye ya mtoto. Tutatazama pamoja kama makosa yanafuata kanuni.

Mwalimu wa mwaka wa pili, Makomeno