Maelezo ya mualikwa si barua ya kuomba kazi

Watangazaji wenzangu, katika podikasti zetu za hapa Masisi kuna kosa linalorudi kila mara. Mualikwa anafika, nasi tunamsoma kama barua ya kuomba kazi. Hivi karibuni nilipewa maelezo ya baba mmoja anayetengeneza fromaji hapa Mushaki: mwaka wa kuzaliwa, diploma, kamati tatu, hesabu ya watoto, kijiji chake, hata namba ya simu. Kuyasoma yote ilichukua zaidi ya dakika moja, na nilipomaliza sikuwa na swali la kwanza la kumuuliza.

Kwa maoni yangu, maelezo yanayosomwa hewani yasipite maneno 60, yaani karibu nusu dakika, na yaanze na kazi ya mikono ya mualikwa. Nilirudi kwa yule baba nikamwomba anisimulie asubuhi yake moja tu. Tukaandika hivi:

"Litri kumi za maziwa zinatoa kilo moja tu ya fromaji. Hesabu hiyo mualikwa wetu anaifanya tangu ujana wake, kwenye vilima vya Mushaki. Vita vilipofika hapa mwaka wa 2023, ng'ombe wengi walipotea. Sasa zile litri kumi anazitoa wapi? Alibaki au alikimbia? Karibu sana, baba."

Nilipomsomea, alinisimamisha. "Hiyo ya kubaki au kukimbia, futa. Aliyebaki wanasema ni wa hawa, aliyekimbia wanasema ni wa wale." Nilifuta. Swali la maziwa lilitosha kumshika msikilizaji, kwa sababu linamwachia hamu ya jibu.

Chini ya maneno hayo niliandika mistari ambayo haisomwi, ni ya mtangazaji peke yake. Kwanza, muulize alikuwa akipokea litri ngapi kwa siku zamani, na leo ngapi. Pili, muulize fromaji iliyo kwenye mbao inageuzwa kila siku kwa nini, na inakuwaje siku ambayo hakuna wa kuigeuza. Hapo ataanza kusimulia bila kusukumwa. Tatu, jina lake linatamkwaje, na anapenda kuitwa nani.

Mstari wa mwisho ndio ulio na uzito kuliko yote: mambo ya kutouliza. Mimi nilitaka kumuuliza analipa nini njiani mpaka fromaji ifike Goma. Akanijibu, "Wewe utazima mikro. Mimi nitarudi nyumbani kwa njia ile ile." Basi kijiji, simu na swali la njia vyote vikatoka.

Kuna wenzangu wanaosema hiyo ni kuficha habari. Mimi naona habari ya njia inaweza kutafutwa na kutolewa bila jina wala sauti ya mtu huyu. Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, msomee mualikwa maelezo yake mpaka mwisho. Akikunja uso mahali fulani, futa hapo kwanza, ndipo ufungue mikro.