Tofauti ya Bei Si Bei ya Karatasi

Kotesheni mbili za kupaua nyumba moja zinapowekwa mezani, moja ya shilingi 5,400,000 na nyingine ya shilingi 7,000,000 yenye dhamana ya maandishi ya miaka 5, wenye nyumba wengi huchukua ya kwanza. Sababu ni ileile kila mahali: bati ni bati, kazi ni ileile, na hiyo milioni moja na laki sita ya juu ni pesa ya karatasi. Imani hii ni potofu, na kila masika inawagharimu watu waliojinyima miaka mingi kusimamisha kuta. Kazi si ileile. Karatasi ni sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo.

Mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni unatosha kuonyesha hesabu. Paa lina mita za mraba 180, lina pande nne na vali mbili, na upepo wa bahari unalifikia. Kenchi na mbao za papi tayari zimelipiwa na mwenye nyumba, kwa hiyo kotesheni zote mbili ni za mabati, vifaa vya kufungia na ufundi. Bei hubadilika kila msimu na kila duka, lakini mgawanyo wa tofauti hukaa karibu hivi: shilingi 900,000 ni unene wa bati, 250,000 ni skrubu badala ya misumari, 200,000 ni bati pana la vali na kofia zilizozibwa vizuri, na 250,000 iliyobaki ndiyo malipo ya mkandarasi kubeba lawama kwa miaka 5. Anayesema amekwepa kulipia karatasi ameokoa laki mbili na nusu tu. Milioni moja na laki tatu na nusu nyingine ni mali ambayo hakuletewa.

Mkandarasi wa bei ya chini kwa kawaida haandiki uongo. Anaandika kidogo. Kotesheni yake husema "mabati ya rangi, vifaa na ufundi", basi. Haitaji geji, na geji ndiyo roho ya bei. Namba ya geji huenda kinyume na wengi wanavyodhani: ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu milimita 0.3. Kwa macho, mabati mawili yenye rangi moja hayatofautiani, na yakishapanda juu hakuna anayepima. Tofauti hujitokeza fundi anapokanyaga kati ya papi mbili na mgongo wa bati ukabonyea, maji yakapata mahali pa kutuama.

Jambo jingine lisilotajwa ni tabaka la chini ya rangi. Bati la chuma hulindwa na mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na namba kama AZ150 huonyesha gramu za mchanganyiko huo kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ70 ina chini ya nusu ya ulinzi huo. Dodoma tofauti hiyo inaweza kuchukua miaka mingi kuonekana. Kigamboni, Bagamoyo au Tanga, ambako hewa ina chumvi, kutu huanza mapema kwenye kingo zilizokatwa na kuzunguka kila tundu.

Hata hivyo, bati lenyewe si chanzo kikuu cha kuvuja. Paa jipya huvuja kwenye matundu, maungio na vali, yaani pale palipopita mkono wa fundi. Msumari wa bati hushika vizuri siku ya kwanza. Kisha bati linatanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, mbao nayo inakauka, na msumari unainuka kidogo kidogo. Skrubu yenye mpira huvumilia mwendo huo, ila nayo inataka mkono wenye subira. Ikikazwa mno, mpira hufura nje ya kofia yake na kupasuka baada ya jua la mwaka mmoja. Ikilegezwa, maji hupita siku hiyohiyo. Iliyokazwa sawasawa huonyesha mpira umebanwa kidogo kuzunguka ukingo, bila kufura. Mwenye nyumba anaweza kupanda ngazi na kuliona hilo kwa macho yake.

Alama nyingine ya kazi ya haraka huonekana hata kutoka chini, wiki chache baada ya kupaua: vidoadoa vya kahawia vilivyotapakaa kwenye bati jipya. Hiyo ni kazi ya grainda. Fundi anayekata bati kwa grainda juu ya paa huunguza tabaka la ulinzi kwenye ukingo, na cheche za chuma hutua kwenye rangi, zinapoa, zinashika kutu. Mkasi wa bati haufanyi hivyo, lakini ni mwepesi kuchosha mkono na mzito kumaliza kazi. Aliyekubali bei ya chini anahitaji kumaliza leo ili kesho awe kwa mteja mwingine. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Bei aliyoipokea ndiyo inayomsukuma.

Hapa ndipo dhamana ya maandishi inapofanya kazi ambayo wanaoipuuza hawaioni. Faida yake haianzi paa linapovuja. Inaanza siku ya kuandika kotesheni. Mkandarasi anayejua kwamba ataitwa tena kwa gharama zake mwenyewe anakuwa na kila sababu ya kutaja geji, kununua skrubu, kutumia mkasi, na kulaza bati la juu juu ya la chini kwa sentimita 15 badala ya kuiba sentimita chache kila mstari. Asiyeitwa tena hana sababu hiyo, hata akiwa fundi hodari. Ndiyo maana hoja ya "fundi wangu namjua, neno lake linatosha" haina nguvu inayodhaniwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Tatizo ni ushahidi. Maji yakidondoka sebuleni miezi minane baadaye, mmoja atasema waliahidiana mwaka mzima, mwingine atasema miezi mitatu, na hakuna wa kuwaamulia. Waswahili waliliona mapema: usiandikie mate na wino ungalipo.

Lakini si kila karatasi ni dhamana, na upande wa pili wa imani hii potofu ni kuamini mhuri wowote. Kosa la kawaida ni kuchukua dhamana ya kiwanda kana kwamba ni ya mkandarasi. Dhamana ya kiwanda hulinda bati dhidi ya kutoboka kwa kutu au kubanduka rangi. Haihusu skrubu, vali wala ufundi, ambako ndiko paa huvujia. Nyingi hupunguza muda au hujitoa kabisa kwa majengo yaliyo karibu na bahari, na nyingi hufutika bati likikatwa kwa grainda. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kigamboni anayekabidhiwa kijitabu cha kiwanda cha miaka mingi anaweza kuwa hana chochote cha kudai.

Dhamana inayostahili kulipiwa inataja mambo machache kwa uwazi. Inasema ni mkandarasi mwenyewe anayewajibika, na kwamba kinachodhaminiwa ni kuvuja, si "ubora" tu. Inaweka siku za kuitikia, kwa mfano 7 tangu kupewa taarifa, na inasema vifaa na ufundi wa marekebisho ni juu yake, pamoja na dari iliyoharibika. Inataja geji, aina ya tabaka na aina ya skrubu, ili yaliyoahidiwa yaweze kulinganishwa na yaliyoko juu. Pia inasema nini kinaivunja. Kifungu hicho kisomwe kwa makini kuliko vyote, kwa sababu fundi wa dishi au wa paneli za sola akitoboa bati baadaye, mkandarasi atakuwa na haki ya kujitoa. Picha za paa zima zilizopigwa siku ya makabidhiano humaliza ubishi huo.

Muda wenyewe una thamani tu kama mtoaji atakuwepo. Ahadi ya miaka 20 kutoka kwa mtu mwenye namba ya simu pekee ina uzito mdogo kuliko ya miaka 2 kutoka kwa kampuni yenye ofisi na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambao mteja anaweza kuuhakiki kabla ya kulipa.

Je, laki mbili na nusu za karatasi hiyo zina faida? Hesabu ni rahisi. Vali moja ikivuja, gharama ni kufungua mabati ya pande zote mbili, kubadilisha bati la vali, kununua jipsamu bodi mpya za chumba kimoja, na kupaka rangi. Mabati yaliyofunguliwa hayarudi vizuri, kwa kuwa matundu ya zamani hayakutani tena na papi palepale. Kazi hiyo ikigharimu, tuseme, shilingi 900,000, dhamana inajilipa kama uwezekano wa kuvuja mara moja ndani ya miaka 5 unazidi kidogo robo. Kwa paa lenye vali mbili karibu na chumvi ya bahari, huo ni uwezekano ambao mtu mwenye busara hawezi kuupuuza.

Zipo kazi ambazo bei ya chini ni chaguo sahihi. Banda la kuku, stoo, au kibanda cha mteremko mmoja kisicho na vali wala dari havihitaji dhamana. Kikivuja, tundu linaonekana na linazibwa kwa dakika chache. Kosa ni kuihamisha hesabu ya banda kwenye nyumba ya kulala watoto.

Aliye na uwezo wa kotesheni ya chini pekee bado ana silaha moja, ambayo mikataba ya serikali imeitumia miaka mingi na wenye nyumba binafsi wameiacha bila sababu: pesa ya zuio na kipindi cha matazamio. Sehemu ya malipo, mathalani asilimia 10, hubaki mkononi mwa mteja hadi muda uliokubaliwa upite. Kwa kotesheni ya shilingi 5,400,000 hiyo ni shilingi 540,000. Kipindi hicho kihesabiwe kwa mvua, si kwa kalenda peke yake. Paa la Dar es Salaam lililomalizwa mwezi Juni halijaribiwi kwa uzito hadi vuli ya Oktoba, na miezi mitatu ya matazamio inayoishia Septemba haijapima kitu. Mkandarasi anayekataa kabisa kuzuiliwa hata senti amekwisha kusema anavyoiamini kazi yake, na kotesheni yake irudishwe. Anayekubali aandikiwe hivyo kwenye mkataba, pande zote zisaini, na shilingi 540,000 zilipwe masika yakiisha na dari ikiwa kavu.